Kikomo kidogo kwenye konti yako: ulinzi unaobaki hata mwizi akijua namba ya siri

Ndugu wasomaji, na ninyi wasikilizaji wetu mlioko Masisi, Walikale, na popote vita vilipowatupa, leo sileti habari ya mapigano. Nataka kusema juu ya makuta yaliyo ndani ya simu. Nitaanza na jambo lililopata familia yetu wenyewe.

Mwanzoni mwa Januari 2025, siku ambazo M23 waliingia Masisi-centre, shemeji yangu alikimbia na mke wake na watoto wanne kuelekea Goma. Yeye ni mwalimu. Alikuwa ameuza ng'ombe wawili miezi michache kabla, na feza aliiweka benki ili asitembee nayo mfukoni. Kwenye konti ya benki alikuwa na dola 480. Kwenye SIM yake, katika huduma ya makuta ya simu, alikuwa na dola 60 za njia. Mfukoni alibakiza franka chache za kununua ndizi na maji. Hesabu yake ilikuwa ya mtu mwenye akili: wakinipekua, hawatapata kitu.

Karibu saa kumi na mbili jioni, vijana wawili wenye silaha waliwasimamisha njiani. Hawakumpekua sana. Walichukua simu tu. Na simu ilikuwa wazi, maana alikuwa anaongea na kaka yake wakati huo huo. Alipofika Goma usiku, alilala akijua amepoteza simu. Hakujua kama kuna kitu kingine alichopoteza.

Baadaye benki ilimpa orodha ya yaliyotokea. Saa 22:50, dola 100 zilitoka kwenye konti ya benki kwenda kwenye SIM yake. Dakika chache baadaye, hizo 100 pamoja na zile 60 zilitumwa kwa namba ambayo hakuijua. Saa 00:10, dola 100 nyingine zikatoka kwa njia ile ile. Kisha kimya. Asubuhi saa mbili aliazima simu ya jirani, akapiga kwa kampuni ya simu wafunge SIM, akapiga benki wafunge konti. Dola 280 zilikuwa bado zipo.

Namba ya siri waliipata wapi? Aliiandika kwenye orodha ya majina ya simu, chini ya jina «Benki». Ndugu msomaji, usicheke. Wangapi kati yetu wameiandika hivyo hivyo?

Tulipokaa kuizungumza, shemeji alisema Mungu amesaidia. Mimi nilimjibu: ndiyo, shemeji, lakini angalia pia Mungu alitumia njia gani. Siku alipofungua konti, benki ilimweka kwenye daraja la mteja mpya, na daraja hilo lilikuwa na kikomo cha dola 100 kwa siku. Yeye mwenyewe alikuwa amekilalamikia kikomo hicho mara nyingi. Ndicho kilichomwachia dola 280. Mwizi alikuwa na simu, alikuwa na SIM, alikuwa na namba ya siri. Alikuwa na kila kitu, lakini hakuweza kutoa zaidi ya mia moja kwa siku.

Hapo ndipo maoni yangu yalipo. Kila siku tunaambiwa: linda namba yako ya siri. Ni kweli, tuilinde. Lakini katika maisha yetu ya kukimbia, siri hiyo ni dhaifu. Mzee asiyeona vizuri anamtajia mjukuu namba. Mama asiyesoma Kifaransa anamwachia kijana wa kabini abonyeze kwa niaba yake. Na mtu aliyeshikiwa bunduki ataitaja, na afanye hivyo, maana uhai hauna bei. Kwa hiyo tunahitaji ulinzi ambao haujali kama siri imejulikana. Ulinzi huo ni kikomo, simu iliyosajiliwa benki, na taarifa za kuingia kwenye konti. Kati ya hivyo vitatu, cha kwanza ndicho kinachofanya kazi hata vingine vyote vikishindwa.

Tuangalie kikomo chenyewe. Kwenye aplikesheni nyingi za benki, kiko ndani ya «Paramètres», na mara nyingi kinaitwa «Plafonds» au «Limites». Kuna benki ambazo mteja hakioni kwenye simu, lazima aombe kwa kupiga au kwa kwenda kwenye guishe. Utakapokitafuta, jua kwamba kuna vikomo viwili. Kimoja ni cha mara moja: kiasi kikubwa unachoweza kutuma kwa tendo moja. Kingine ni cha siku: jumla ya yote unayotuma kwa siku hiyo. Cha mara moja peke yake hakisaidii, kwa sababu mwizi atatuma dola 50, tena 50, tena 50 mpaka konti ikauke. Cha siku ndicho kinachomfunga mikono.

Halafu uliza kikomo hicho kinagusa njia gani. Feza inaweza kutoka benki kwenda benki nyingine, inaweza kutoka kwa kadi kwenye mashine, na inaweza kutoka benki kwenda kwenye SIM, yaani kwa Airtel Money, M-Pesa au Orange Money. Kila njia inaweza kuwa na kikomo chake. Ile ya benki kwenda kwenye SIM ndiyo wezi wanaipenda, kwa sababu feza ikishafika kwenye SIM, dakika tano zinatosha kuitoa kwenye kabini yoyote. Hiyo ndiyo njia ya kubana kwanza.

Sasa, uweke kiasi gani? Chukua karatasi, andika miezi mitatu iliyopita ulituma nini. Kwa familia nyingi za wahamiaji utaona kodi ya nyumba dola 20 au 30, chakula, dawa, karo ya mtoto. Tafuta kiasi kikubwa kuliko vyote ulichowahi kukihitaji kwa siku moja. Kisha ujiulize swali la pili: ikibidi kukimbia kesho asubuhi, pikipiki au gari la familia yote pamoja na chakula cha siku mbili vitanigharimu ngapi? Namba kubwa kati ya hizo mbili ndiyo kikomo chako. Kwa mmoja itakuwa dola 40, kwa mwingine 80. Mfanyabiashara wa Mubi au Njingala anayelipa mizigo atakuwa na namba kubwa zaidi, na ni haki yake. Lakini konti ya biashara na konti ya akiba ya nyumba zisiwe moja.

Rudi kwa shemeji, uone hesabu. Alipoteza 60 za kwenye SIM, 100 kabla ya saa sita usiku, na 100 baada ya saa sita. Jumla 260. Kikomo cha siku mara nyingi kinaanza upya saa sita ya usiku, na wezi wanalijua hilo. Ndiyo sababu walisubiri. Kwa hiyo unapochagua kikomo, hesabu kwamba unaweza kukipoteza mara mbili. Kama kikomo chake kingekuwa dola 50, na kama kwenye SIM angeacha 20 tu, angepoteza 20, na 50, na 50, yaani 120. Na kama kikomo kingekuwa 500, kama alivyokuwa anaomba? Leo tungekuwa tunazungumza juu ya konti yenye sifuri.

Kuna mtu atanipinga hapa, na ana haki. Mama mmoja wa Walikale aliniambia: «Kaka, wewe unasema kikomo kidogo, lakini siku risasi zinalia nitahitaji feza yangu yote. Kikomo kitanifunga mimi, si mwizi.» Nimelifikiria neno lake. Walikale-centre ilishikwa tarehe 19 Machi 2025, na waliokimbia hawakupewa saa ya kujipanga. Lakini tukumbuke wale waliokimbia walihitaji nini siku ile: njia, chakula, mahali pa kulala. Hakuna aliyehitaji bei ya ng'ombe wawili katika siku moja. Feza iliyobaki benki inakungoja. Ile iliyotoka yote inatembea na wewe msituni. Kwa hiyo kikomo kisiwe kidogo mpaka kikushinde kukimbia. Kiwe sawa na bei ya kukimbia, basi.

Jambo la mwisho juu ya kikomo ndilo ambalo watu hawaulizi. Je, kikomo kinapandishwaje? Kama aplikesheni inakuruhusu kukipandisha papo hapo kwa namba ile ile ya siri, basi umefunga mlango ukaacha ufunguo juu yake. Mwizi atakipandisha kwanza, kisha atachukua. Kikomo cha kweli kinapandishwa kwa kusubiri, au kwa kupigiwa simu na benki na kuulizwa maswali, au kwa kwenda mwenyewe na kitambulisho. Uliza benki yako leo. Jibu likiwa baya, angalau utajua usiweke akiba yote mahali pamoja.

Na makuta ya kwenye SIM je? Huko kikomo ni cha kampuni, na mteja wa kawaida hana sehemu ya kukipunguza mwenyewe. Kwa hiyo huko kikomo chako ni salio lako. Weka kwenye SIM kile cha wiki moja tu. Ukipokea msaada wa chakula kwa simu, au mtoto wako aliye Kampala au Bujumbura akikutumia, toa unachohitaji, kinachobaki kipeleke benki kama una konti. Tena kuna faida nyingine: anayekulazimisha kufungua simu njiani ataona salio dogo. Usibishane naye, mpe, uendelee na safari.

Sasa nije kwenye simu iliyosajiliwa. Najua neno hili linakera. Kati ya mwaka 2020 na 2022 watu walikatwa yuniti kwa ajili ya RAM, ile kodi ya kusajili simu, mpaka ikaondolewa mwaka 2022. Ndiyo maana mtu akisikia «sajili simu yako» anadhani wanataka kumla tena. Hii si hiyo. Kusajili simu benki maana yake ni hivi: unapoweka aplikesheni ya benki kwenye simu, benki inatuma mesaji yenye namba fupi kwenye SIM yako, unaiandika, na kuanzia hapo benki inaitambua simu hiyo kuwa ni yako. Mtu akijaribu kuingia kutoka simu nyingine, hata akijua namba ya siri, benki itamwuliza ile namba fupi ya mesaji. Asipokuwa nayo, anabaki nje.

Lakini hapo kuna tundu. Namba fupi inakwenda kwa nani? Kwa SIM. Mwizi aliyeiba simu yako ana SIM pia. Ataitoa, ataiweka kwenye simu yake, na mesaji itamfikia yeye. Na kwa makuta ya simu hahitaji hata hilo: ukibonyeza *501# ya Airtel au *1122# ya Vodacom, huduma inafuata SIM, haijali iko kwenye simu gani. Kwa hiyo kusajili simu bila kufunga SIM ni kama kuweka kufuli kwenye mlango na kuacha dirisha wazi.

SIM inafungwa na namba yake yenyewe, tofauti na ile ya benki na tofauti na ile ya makuta. Kwenye simu ya Android ingia «Paramètres», kisha «Sécurité», utafute «Verrouillage de la carte SIM». Kwenye simu ndogo ya vibonyezo iko pia ndani ya sehemu ya usalama, kwa jina la «Code PIN». Simu itakuomba kwanza namba ya zamani ya SIM. Mara nyingi imeandikwa kwenye kile kiplastiki ulichopewa siku uliponunua SIM. Kama hunacho, usibahatishe: ukikosea mara tatu SIM inajifunga, na inadai namba nyingine ya tarakimu nane iitwayo PUK. Ukikosea hiyo mara kumi, SIM imekufa. Nenda kwa ajenti wa kampuni au piga huduma ya wateja wakupe namba. Ukishaifunga, kila simu inapozimwa na kuwashwa, au SIM inapohamishwa, namba inadaiwa. Mwizi akiitoa na kuiweka kwingine, anakutana na ukuta.

Lazima niseme ukweli wote: kufuli ya SIM isingemsaidia shemeji kama simu ilichukuliwa ikiwa wazi na mwizi hakuizima. Katika hali hiyo kinachobaki ni kikomo, na mbio zako za kupiga simu. Ndiyo sababu nimekiweka kikomo mbele.

Kuhusu simu zilizosajiliwa, shika mazoea mawili. La kwanza, ukiuza simu sokoni au ukimpa mdogo wako, usifute aplikesheni tu. Kuifuta hakuondoi jina la simu hiyo kule benki. Ingia kwanza kwenye orodha ya simu, mara nyingi inaitwa «Mes appareils» au «Appareils connectés», uiondoe. Kama aplikesheni yako haina orodha, piga benki uwaulize ni simu gani wanaitambua kwa jina lako. La pili linawahusu sana wahamiaji. Tunaazimana simu, na hilo ni jambo zuri. Lakini usiweke aplikesheni ya benki yako kwenye simu ya jirani. Ukifanya hivyo, simu ya jirani inakuwa ufunguo wa konti yako, hata siku atakapoiuza kwa mtu usiyemjua. Ikibidi kuazima, weka SIM yako ndani kwa dakika chache, fanya kazi yako kwa namba za kubonyeza, kisha toa SIM yako.

Tufike kwenye taarifa. Benki nyingi zinatuma mesaji au barua pepe mtu anapoingia kwenye konti, au simu mpya inapoongezwa, au feza inapotoka. Shemeji alikuwa amewasha taarifa hizo. Zilitumwa zote. Zilifika zote kwenye simu iliyoibwa, mwizi akazisoma yeye. Taarifa inayofika mahali pamoja tu na simu yako si taarifa. Omba benki iongeze namba ya pili, ya mke, mume au mtoto mkubwa, au iweke barua pepe ambayo inafunguka pia kwenye simu nyingine ya nyumbani. Najua hapo kuna baba atakayesema hataki mke ajue kiasi cha konti. Hilo mlizungumze ninyi wawili. Mimi nasema tu kwamba kama mke wa shemeji angepata mesaji saa 22:50, tungefunga konti kabla ya saa sita usiku, na dola mia ya pili isingetoka.

Taarifa inasomwaje? Angalia vitu vitatu: saa, jina la simu, na kitendo. Saa uliyokuwa umelala, na mtu ameingia: shida. Jina la simu ni TECNO na yako ni Samsung: shida. Feza ndogo sana imetoka, dola moja au yuniti kidogo, na hukuituma wewe: shida, maana mwizi mara nyingi anajaribu na kidogo kabla ya kuchukua kikubwa. Lakini kitu kimoja kisikutishe mno: mahali. Mesaji inaweza kusema umeingia ukiwa Kinshasa wakati uko Masisi, kwa sababu intaneti ya simu inaweza kupitia mitambo ya mbali, na benki inaona mtambo, haikuoni wewe. Na sisi tulio karibu na mpaka, simu ikishika rezo ya Rwanda, taarifa inaweza kusema uko Rwanda. Usihukumu kwa mahali peke yake. Hukumu kwa saa na kwa jina la simu.

Rezo nayo ina habari yake kwetu. Mnara ukikatika siku mbili au tatu, kama tulivyozoea, mesaji zinangoja, kisha zinaingia zote kwa pamoja. Na zile zilizongoja sana zinaweza kufutwa zisifike kabisa. Kwa hiyo rezo ikirudi, usitegemee mesaji. Fungua mwenyewe «Historique» ya konti, au omba orodha ndogo ya matendo ya mwisho kwa *501# au *1122#, upitie mstari kwa mstari. Dakika mbili zinatosha.

Na wezi wamejifunza kuiga taarifa. Inakuja mesaji kwa Kifaransa kizuri: mtu ameingia kwenye konti yako, bonyeza hapa haraka, au tupigie utupe namba uliyotumiwa. Dalili ni moja tu, na mzee asiyesoma anaweza kuikumbuka: taarifa ya kweli inakuambia kitu, haikuombi kitu. Ikikuomba namba, ni mwizi. Usibonyeze ndani ya mesaji. Fungua aplikesheni mwenyewe au piga namba ya benki uliyo nayo kwenye karatasi.

Nimetaja karatasi. Kila mtu mwenye konti awe nayo moja, imefungwa ndani ya plastiki, imeshonwa kwenye nguo au imewekwa na karatasi za watoto za chanjo. Iwe na namba ya konti, namba ya huduma ya benki, namba ya huduma ya kampuni ya simu, na namba ya simu yenyewe ya tarakimu 15 inayoonekana ukibonyeza *#06#. Namba za siri zisiwepo humo. Simu ikipotea, azima nyingine papo hapo, piga kampuni ya simu kwanza wafunge SIM, maana makuta na namba fupi vyote vinapita hapo. Kisha piga benki wafunge konti na waondoe simu iliyoibwa kwenye orodha. Usiache simu ya pili, kwa sababu aplikesheni kwenye simu inayotambuliwa inaweza kuendelea kufanya kazi kwa intaneti hata SIM ikiwa imefungwa.

Lakini yote haya yanaanguka kama SIM haikuandikwa kwa jina lako. Wengi wetu tuna SIM iliyonunuliwa barabarani, imesajiliwa kwa jina la muuzaji au la binamu aliyekwisha hama. Ukienda kuomba ifungwe au irudishwe, watakuomba kadi ya uchaguzi inayolingana na jina, na huna. Kama kuna jambo moja la kufanya wiki hii kabla ya mengine, ni hilo.

Sitaki kumwachia mteja mzigo wote. Shemeji alikuwa na bahati kwamba aliibiwa mwanzoni mwa Januari, wakati guishe za benki Goma zilikuwa bado wazi. Aliingia na kadi yake, wakamsajilia simu mpya. Wiki tatu baadaye Goma ilishikwa, benki zikafunga, na watu wetu wakaanza kuvuka mpaka kwenda Gisenyi kutafuta mashine ya kutolea feza, au kulipa komisyo kubwa kwa kabini. Benki inayosema «njoo kwenye guishe» mahali ambapo hakuna guishe inamwambia mteja ajitegemee.

Kwa hiyo nina maombi matatu kwa benki na kampuni za simu. Mteja wa makuta ya simu aweze kujipunguzia kikomo mwenyewe kwa kubonyeza, bila kupanga mstari. Kupunguza kuwe papo hapo, lakini kupandisha kusubiri saa 24, ili mwizi asipite. Na taarifa ziandikwe kwa Kiswahili kwa anayetaka. Katiba yetu inakitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa. Mama wa Nyabiondo au wa Kibua hapaswi kumtafuta mtoto wa jirani amsomee kwamba feza yake imeibwa.

Shemeji sasa anaishi kwa watu, anafundisha watoto wachache kwa malipo madogo. Wiki iliyopita nilimwuliza kikomo chake ni ngapi. Akatoa simu, akanionyesha: dola 50 kwa siku. Jina lile la «Benki» kwenye orodha amelifuta. Akasema: «Shemeji, zamani nilikuwa nalalamika kwamba benki haiamini mimi. Sasa ni mimi ndiye siamini simu.»